SOMO: Ofa umepata ila uhakiki hauishi, namna ya kufuatilia

Wadau habari za jioni. Wiki hii watu watatu wameniuliza kitu kilekile kwahiyo bora niandike mara moja. Umefanya usaili umepita, barua ya ofa umetumiwa, ila ndani kuna ule mstari unaosema ajira itathibitishwa uhakiki wa vyeti na wadhamini ukikamilika, halafu kimya. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ukipiga simu unahisi utaonekana msumbufu, usipopiga unahisi nafasi anapewa mwingine.

Nimekaa ofisi ya utumishi ya kampuni binafsi hapa Dodoma miaka saba na hiyo kazi ya kuhakiki nilikuwa naifanya mwenyewe. Nawaambia kitu kimoja: mara nyingi faili linakwama kwa sababu kuna jibu MOJA halijarudi na hakuna wa kulikimbiza, sio kwamba umekataliwa. Kwahiyo kuuliza "vipi jamani bado?" hakusaidii, utajibiwa "bado" na mazungumzo yameisha. Swali la maana ni "kipi hakijarudi?" ukishakijua hicho unaweza kukitatua wewe mwenyewe.

Na msidhani wataruka hii hatua. Wa hapa mnakumbuka tarehe 28 Aprili 2017 pale UDOM ilipokabidhiwa ripoti ya vyeti, watumishi 9,932 wakakutwa na vyeti vya kughushi. Tangu hapo hata waajiri binafsi wengi wamekuwa wagumu, faili halifungwi mpaka kila karatasi imerudi.

Niwape mfano wa jirani yangu wa Nkuhungu, nimefuatana naye mwanzo mwisho na ameniruhusu nisimulie. Ni karani wa stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, kabla ya hapo alifanya kiwanda cha mafuta ya alizeti Singida. Ofa ya kampuni nyingine aliipata tarehe 3, kuripoti tarehe 1 ya mwezi unaofuata. Tarehe 17 akaja kwangu macho mekundu, hajasikia kitu.

HATUA YA 1: isome ofa upya na kalenda mkononi. Angalia vitu viwili tu, nini hasa kinahakikiwa na tarehe ya kuripoti. Yeye ofa ilitaja vyeti vya NECTA na chuo pamoja na wadhamini wawili. Sasa kwa duka analofanyia sasa analipwa kwa mwezi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku zisizopungua 28. Hesabu mwenyewe, tarehe 17 mpaka tarehe 1 ni kama nusu tu ya hizo siku. Yaani hata wangemjibu "karibu" siku ileile asingeweza kuondoka vizuri. Hili watu hawalioni, wanahangaika na uhakiki huku tarehe ya kuripoti imeshakuwa haiwezekani.

HATUA YA 2: piga simu kwa wadhamini wako KABLA ya kumpigia afisa utumishi. Hii ndio hatua ninayoisisitiza kuliko zote maana hapa ndipo mafaili mengi yanapolala. Usimuulize mdhamini "umewajibu?" maana atasema sijapata kitu na kweli hajapata. Muulize anatumia imeili gani sasa hivi, namba ipi, na umwombe afungue boksi la spamu ukiwa hewani. Wakati mwingine fomu haitoki kwa kampuni iliyokuajiri, inatoka kwa kampuni nyingine waliyoikodi kufanya uhakiki, mdhamini anaona jina asilolijua anadhani matapeli anafuta.

Kwa jirani yangu mdhamini wa kwanza, mwalimu wake wa chuo, alishajibu siku nyingi. Wa pili ndio tatizo, aliyekuwa meneja wake Singida. Kwenye sivii imeandikwa imeili ya kiwandani. Yule mzee alishaacha kazi, amehamia Kahama, imeili imefungwa na ile namba ya mezani pale kiwandani inaita tu. Kampuni ilituma fomu mara mbili kwenye imeili iliyokufa! Mzee mwenyewe alipopigiwa alishangaa, akasema mwanangu mimi hata jana ningekuandikia.

HATUA YA 3: sasa ndio unamwandikia afisa utumishi. Jibu kwenye imeili ileile iliyoleta ofa ili historia yote aione, usianze imeili mpya wala usimfuate Wasapu kama hajakuandikia huko. Tuliandika hivi:

"Habari za kazi mama. Narejea ofa ya nafasi ya Mtunza Stoo niliyoisaini tarehe 4. Nimewasiliana na wadhamini wangu, wa kwanza amesema ameshajibu. Wa pili ameshaacha kazi pale kiwandani na imeili niliyowapa haifanyi kazi tena, samahani kwa hilo. Imeili na namba yake mpya nimeziweka hapa chini, anapatikana kuanzia saa nne asubuhi. Naambatanisha pia cheti cha utumishi kutoka kiwandani na taarifa ya michango ya NSSF ya kipindi hicho, kama vitasaidia. Naomba kufahamu kama kuna kingine ambacho hakijarudi. Pia mwajiri wangu wa sasa anahitaji notisi ya siku 28 na nitaitoa nikishapata uthibitisho wenu, hivyo naomba tarehe ya kuripoti ihesabiwe kuanzia siku hiyo."

Angalieni hiyo meseji inavyomrahisishia kazi. Ana namba ya kupiga, ana karatasi ya kuweka kwenye faili, na ana swali linalojibika.

HATUA YA 4: karatasi za kuziba pengo. Mwajiri wa zamani asipojibu kabisa, cheti cha utumishi kinabeba uzito, na sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri akupe ajira inapokoma. Kama hukukichukua kaombe hata leo, kwa barua. NSSF nayo inaonyesha jina la mwajiri na miezi aliyochangia. Ila muwe makini hapa. Jirani yangu kwenye sivii ameandika alianza Machi 2021, michango inaanza Juni. Kumbe mwajiri alichelewa kuanza kumchangia. Ukiituma kimya kimya afisa ataona umedanganya tarehe, kwahiyo tuliongeza sentensi moja ya kueleza na kuweka mkataba wenye tarehe ya Machi. Na jueni mpaka wake, karatasi hizi zinathibitisha ulikuwepo na kwa cheo gani, haziwezi kusema ulikuwa mfanyakazi wa namna gani. Kama wanataka hilo itabidi utoe mdhamini mwingine, msimamizi wako wa karibu ni bora kuliko mkurugenzi asiyekukumbuka.

HATUA YA 5: subiri siku tano za kazi, halafu piga simu asubuhi, mara moja. Muulize kama faili bado liko kwake. Hili nalisema kwa uchungu, ofisini kwetu mwenzangu alienda likizo ya uzazi na majibu ya wadhamini yakawa yanaingia kwenye imeili yake, kijana wa watu alikaa mwezi mzima na majibu yake yote yalikuwa yamesharudi. Tuligundua alipopiga simu kuuliza nani anashika faili lake.

Kwa jirani yangu walimpigia mzee wa Kahama siku mbili baada ya ile imeili. Uthibitisho ukatoka tarehe 24, tarehe ya kuripoti wakaisogeza, notisi akaitoa tarehe 25.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Kibaigwa: Kaka mimi nilishaacha kazi siku nilipopata ofa, ni wiki ya nne sasa. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana mdogo wangu. Nenda kamwone bosi wako wa zamani wiki hii hii, kama nafasi haijazibwa wengine hukubali urudi kwa muda. Kwa kampuni mpya andika kama hatua ya 3, sema tu uko tayari kuripoti wakati wowote, usiwaambie umekaa bila kazi kwa ajili yao maana ofa ilikuwa na sharti na hilo hawatalibeba. Na endelea kutuma maombi kwingine.

Swali, dada wa Makole: Wanataka kumpigia bosi wangu wa SASA na hajui kama naondoka. Nikikataa si nitaonekana naficha kitu?

Jibu: Hapana dada, hilo ombi ni la kawaida sana kwetu. Andika hivi: "Mwajiri wangu wa sasa naomba mwasiliane naye baada ya mimi kutoa notisi. Kwa sasa naweza kuwapa slipu za mshahara za miezi mitatu na mkataba." Ongeza na mfanyakazi mwenzio wa ngazi ya juu aliyeshaondoka hapo. Afisa mwenye uzoefu atakubali uhakiki huo uwe wa mwisho.

Swali, kutoka Manyoni: Majina yangu cheti cha fomu foo na NIDA yanatofautiana herufi moja. Hiyo inaweza kuchelewesha?

Jibu: Inachelewesha sana, na mbaya zaidi hawakuambii. Usisubiri waulize. Nenda kwa wakili ukaape hati ya kiapo inayosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja, itume na namba yako ya mtihani na mwaka uliomaliza. Kama ni jina zima limebadilika, kiapo peke yake kinaweza kisitoshe, muulize huyo wakili kuhusu kusajili mabadiliko ya jina.

Swali, wa Area D: Nimepigiwa simu nitume elfu hamsini ya kuharakisha uhakiki, namba ya mtu binafsi. Nitume?

Jibu: USITUME. Gharama ya uhakiki wa wadhamini haitumwi kwa namba ya mtu. Chukua namba ya ofisi iliyo kwenye barua ya ofa, sio iliyokupigia, uliza kama huyo mtu wanamjua.

Swali, huyu ni wa Mpwapwa: Nitajuaje kama ni kuchelewa tu au wameshaniacha?

Jibu: Wakikuuliza kitu mahususi, mfano tarehe fulani au karatasi fulani, faili linatembea. Ukiuliza mara mbili kipi kimebaki na mara zote ukajibiwa "tutakutafuta" bila kutajiwa kitu, na tarehe ya kuripoti imepita, hesabu kwamba hiyo nafasi huna. Andika mara ya tatu na ya mwisho, waombe wakujibu kwa maandishi kama ofa bado ipo. Ukihisi kuna mdhamini au mwajiri wa zamani amesema vibaya, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kuomba taarifa zako wanazozishika, iombe kwa barua ya heshima. Wewe umeshauliza mara ngapi mpaka sasa, na walikujibuje? Niwekee maneno yao hapa kama yalivyo niyaangalie.