Namna ya kuisoma grafu ya mstari kwa sauti ili asiyeiona aupate mwelekeo

Somo hili linahusu grafu ya mstari, ile inayoonyesha kitu kinavyobadilika mwaka hadi mwaka. Nitatumia mfano mmoja tu: grafu ya hewa ya ukaa inayopimwa mlimani Mauna Loa, Hawaii, tangu 1958. Nimeichagua kwa sababu ina mwelekeo ulio wazi, ina meno madogo madogo, na ina mtego unaowanasa wasomaji wengi.

Hatua ya 1: Taja kinachopimwa. Kabla ya namba yoyote, msikilizaji ajue mambo matatu: ni kitu gani, kwa kipimo gani, na kutoka lini hadi lini. Kwa mfano: "Hii ni grafu ya mstari ya hewa ya ukaa angani, kuanzia 1959 hadi 2020. Miaka inakwenda kushoto kuelekea kulia. Kiasi kinasomwa kutoka chini kwenda juu, yaani molekuli ngapi za hewa ya ukaa katika kila molekuli milioni moja za hewa."

Hatua ya 2: Toa umbo kwa sentensi moja, bila namba. "Mstari unapanda kipindi chote, na kadiri miaka inavyosonga ndivyo unavyozidi kupanda kwa kasi." Hiyo ndiyo sentensi muhimu kuliko zote, kwa hiyo iandike mapema, usiitunge papo hapo. Ni lazima iwe na mambo mawili, upande na kasi. Ukisema "unapanda" tu, msikilizaji atajichorea mstari ulionyooka kama rula.

Hatua ya 3: Leta namba chache za kushikilia. Mwanzo na mwisho kwanza: "Wastani wa mwaka 1959 ulikuwa 316 hivi, na wa 2020 ukafika 414. Ni ongezeko la karibu theluthi moja." Kisha thibitisha ile kasi uliyoitaja: "Miaka ya 1960 kiasi kiliongezeka kwa chini ya 1 kila mwaka, miaka ya 2010 kiliongezeka kwa zaidi ya 2." Ishia hapo. Desimali waachie watakaosoma jedwali, maana sikio haliwezi kurudi nyuma kutafuta namba iliyopita.

Hatua ya 4: Sasa yaseme meno. Ukiutazama mstari wa wastani wa kila mwezi kwa karibu, una meno kama ya msumeno. Kila mwaka kiasi hufika kileleni Mei, kisha hushuka hadi Septemba au Oktoba, kwa sababu mimea ya kaskazini mwa dunia huifyonza hewa hiyo inapokua. Tofauti ya kilele na bonde ni kama 6. Meno yatajwe baada ya mwelekeo. Ukianza nayo, msikilizaji atasikia panda, shuka, panda, shuka, na atadhani mstari hauendi popote.

Hatua ya 5: Kagua mhimili wima unaanzia wapi. Huu ndio ule mtego. Mara nyingi grafu hii huanzia karibu na 310, si sifuri, ndiyo maana mstari unaonekana kutoka sakafuni hadi darini. Ukisema "umetoka chini kabisa hadi juu kabisa", umemwambia msikilizaji kitu ambacho data haisemi. Tegemea namba: theluthi moja zaidi.

Hatua ya 6: Jaribu. Mwombe mtu akupe mgongo na achore anachosikia. Akichora mstari ulionyooka, hukuieleza kasi. Akichora mawimbi makubwa, umeyatilia meno uzito kupita kiasi. Rekebisha sentensi yenye kasoro, usiongeze maelezo mengine.

Maswali ya wanachama

*Grafu yangu ina mistari minne. Niisome mmoja mmoja?*
Hapana, hakuna atakayekumbuka wa kwanza ukifika wa nne. Anza na yanayofanana: "Mistari mitatu inapanda, mmoja unashuka." Kisha eleza huo wa pekee, na useme mwaka inapokatana. Hiyo mitatu ipange kwa jinsi inavyomalizia, kuanzia wa juu.

*Nitaje rangi?*
Uite mstari kwa kile unachowakilisha. Rangi unaweza kuiongeza kama ukumbini wapo wanaoona, lakini isiwe jina pekee la mstari. "Ule wa buluu" haumsaidii asiyeuona.

*Kama mstari hauna mwelekeo wowote?*
Hilo nalo ni umbo, liseme waziwazi: "Mstari unayumba kati ya kiwango hiki na hiki, na mwisho uko karibu pale ulipoanzia." Toa kiwango cha juu kabisa na cha chini kabisa, pamoja na miaka yake. Usitafute mwelekeo kwa kuchagua miaka miwili inayokufaa.