Wanafunzi 720, shule 24: kwa nini regresheni ya kawaida hujiamini kupita kiasi

Tuseme tunataka kujua kama uji wa asubuhi unawasaidia watoto wa Darasa la Nne mkoani Kigoma kusoma vizuri zaidi. Tumepata shule 24, kuanzia Kakonko hadi Uvinza. Kwa kura, 12 zinapika uji na 12 hazipiki. Kila shule tunapima watoto 30 kwa jaribio la alama 50. Namba zote hapa nimezitunga kwa ajili ya zoezi, ili kila hesabu uweze kuirudia kwa kalamu.

Hatua ya 1: Anza na regresheni ya kawaida, uone inavyosema

```r
summary(lm(alama ~ uji, data = d))
```

Shule za uji zinaongoza kwa alama 3. Mkengeuko sanifu wa alama ni 10, kwa hiyo kosa sanifu linatoka 0.75, na wigo wa uhakika wa asilimia 95 ni kuanzia 1.5 hadi 4.5. Ukiishia hapo utaandika kwenye ripoti kwamba uji umefanya kazi, bila shaka yoyote.

Lakini kosa hilo la 0.75 limepatikana kwa kudhani kwamba tuna mashahidi 720, kila mmoja akisema lake. Sivyo ilivyo. Watoto 30 wa shule moja wamefundishwa na mwalimu yuleyule, wamegawana vitabu vilevile, na mvua ikikata barabara wote wanakosa vipindi siku ileile. Ukishawapima kumi wa mwanzo, unakaribia kujua hali ya shule yao; wale ishirini waliobaki wanaongeza kidogo tu. Na uji wenyewe haukugawiwa kwa mtoto mmojammoja bali kwa shule nzima. Kwa swali hili, kura zilizopigwa ni 24.

Hatua ya 2: Ipe shule nafasi yake kwenye modeli

```r
library(lmerTest)
m <- lmer(alama ~ uji + (1 | shule), data = d)
summary(m)
```

Sehemu ya `(1 | shule)` inairuhusu kila shule iwe na kiwango chake, juu au chini ya wastani. Kabla ya kusoma kitu kingine chochote, tafuta mstari huu:

```
Number of obs: 720, groups:  shule, 24
```

Ukiona 12 au 5 badala ya 24, simama. Mara nyingi kila wilaya imehesabu shule zake kuanzia 1, na shule namba 1 ya Kasulu imeunganishwa na namba 1 ya Kibondo. Modeli haitalalamika hata kidogo. Itakupa majibu yasiyo na maana. Tengeneza utambulisho mpya kwa `paste(d$wilaya, d$shule)`.

Hatua ya 3: Pima shule inachangia kiasi gani

Kwenye zoezi letu, varianzi kati ya shule ni 25, na ndani ya shule ni 75. Gawanya 25 kwa 100: robo ya tofauti zote inatokana na shule. (Ukitumia `VarCorr(m)`, zinazochapishwa kwanza ni mikengeuko sanifu, yaani 5 na 8.66. Zipige kipeo cha pili kabla ya kugawanya.)

Sasa zidisha robo hiyo kwa 29, yaani watoto wa shule moja ukitoa mmoja, kisha ongeza 1. Unapata 8.25. Varianzi ya makadirio yetu ni kubwa mara 8.25 kuliko regresheni ya kawaida ilivyodhani, hivyo wanafunzi 720 wana uzito wa kama 87 waliochaguliwa huru. Kipeuo cha pili cha 8.25 ni 2.87, kwa hiyo kosa sanifu la kweli ni kubwa mara 2.87, yaani karibu 2.14.

Tofauti bado ni alama 3. Kilichobadilika ni wigo: sasa unaanzia chini ya sifuri, -1.4, hadi 7.4. Uji unaweza kuwa umesaidia sana, au haukusaidia kabisa; data hii haiwezi kutuamulia.

Onyo hili linahusu hasa vitu vinavyotofautiana kati ya shule na shule. Kwa jinsia ya mtoto, ambayo imechanganyika ndani ya kila shule, regresheni ya kawaida inaweza hata kuzidisha kosa badala ya kulipunguza. Na kama uji ungepelekwa kwenye shule zenye uwezo badala ya kupigiwa kura, modeli hii isingeondoa upendeleo huo.

Hatua ya 4: Rudi kwenye mpango wa safari

Ukipima watoto 60 kila shule badala ya 30, kosa linashuka kutoka 2.14 hadi 2.09 tu. Lakini watoto walewale 720 ukiwatoa kwenye shule 48, 15 kila moja, linashuka hadi 1.58. Ndiyo maana bajeti ikibana mimi hupunguza karatasi za mtihani kabla ya kugusa mafuta ya gari.