Somo: kupata masi ya moli moja ya kimiminika kwa kupima mvuke wake (someni hatua ya 5 kabla ya kuuliza)

Wadau, kila wiki napata ujumbe uleule, "mwalimu nimefuata kila kitu ila propanoni imenipa 46 badala ya 58". Naandika mara moja wote mpate. Vipimo ni vyangu mwenyewe, nilipimia Mbeya, kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari.

1. Flaski ya koniki ya 250 ml iwe kavu kabisa, funika mdomo kwa foili, kaza na raba bendi, toboa tundu moja kwa pini, pima vyote pamoja. Yangu ilikuwa 112.462 g.

2. Mimina kama 4 ml za propanoni, funika tena na foili ileile na raba ileile.

3. Zamisha flaski mpaka shingoni kwenye bika la maji yanayochemka. Tumia hotipleti ya umeme, moto wa gesi HAPANA, mvuke wa propanoni unadaka moto haraka sana. Madirisha wazi. Kimiminika kikishaisha machoni acha dakika moja zaidi.

4. Soma joto la maji na presha ya hewa palepale ulipo. Mimi: 94.5°C (367.7 K) na 83.0 kPa.

5. Toa, poza kwenye maji ya kawaida, kausha, pima. Hapa ndipo nilipoharibu mwaka wangu wa kwanza kufundisha. Nilipata 112.821 g, tofauti 0.359 g, nikapiga hesabu ikaja 46, nikawaambia wanafunzi hii ni ethanoli maana 46 ni ya ethanoli kabisa, na lebo ya chupa ilisema propanoni. Kilichotokea ni hiki: ulipopima mara ya kwanza flaski ilijaa hewa. Ikipoa, mvuke mwingi unarudi kuwa kimiminika na hewa inaingia kwa lile tundu, lakini haiingii yote, kwa sababu propanoni hata ikiwa baridi kwenye 22°C bado inatoa mvuke wenye presha kama 27 kPa, na mvuke huo unakalia nafasi ya hewa. Kwa hiyo mizani inakuonyesha propanoni ukitoa hewa iliyokosekana. Hiyo hewa lazima uirudishe kwenye hesabu. Angalia pia maji yaliyojificha chini ya kingo za foili, tone moja tu ni kama 0.05 g. Na usiiache mezani ukaenda chai, propanoni inatoka taratibu kwa tundu.

6. Jaza flaski maji mpaka ukingoni, yamimine kwenye silinda ya kupimia. Yangu ni 286 ml, ile 250 ni alama tu.

Hesabu:

```
moli za mvuke = PV/RT = 83.0 × 0.286 / (8.314 × 367.7) = 0.00777
hewa iliyokosekana = 27 × 0.286 / (8.314 × 295) × 29 = 0.091 g
masi ya mvuke = 0.359 + 0.091 = 0.450 g
M = 0.450 / 0.00777 = 57.9 g/mol
```

MAONI

chumvi_mawe: Mwalimu nimetumia namba zako ila nikaweka 101.3 kPa na 373 K, hata sijaongeza hewa, napata 38. Kuna makosa kwenye somo?

Mwandishi: Hatua ya 4. "Palepale ulipo". Hatua ya 5 nayo hujaisoma.

chumvi_mawe: Sasa simu inaniambia presha ni 1015 na mimi niko Iringa, nifanyeje?

Mwandishi: Hiyo ya utabiri imeshageuzwa kuwa ya usawa wa bahari, usiitumie. Tafuta baromita.

binti_wa_maabara: Shikamoo mwalimu. Kama sina baromita, joto la maji yanayochemka si linatosha kunipa presha?

Mwandishi: Marahaba binti, umewaza vizuri sana. Linatosha, maji yanachemka mvuke wake ukifikia presha ya nje, kwa hiyo soma jedwali la presha ya mvuke wa maji: 94.5°C ni kama 83 kPa, 100°C ni 101.3. Ila jaribu kwanza kipimajoto chako kwenye barafu inayoyeyuka, kikikosea nyuzi moja presha inakosea kama 3 kPa. Na kwa vile umeuliza: ukitumia kimiminika kizito kuvukiza, kama ethanoli ya maabara isiyo na maji, presha yake kwenye 22°C ni karibu 6.6 kPa tu, hewa inayokosekana inashuka mpaka 0.022 g.

mzee_bika: Nyongeza kidogo. Tundu liwe la pini nyembamba, sisi tulitoboa kwa msumari propanoni ikatoka yote wakati wa kupoza.

binti_wa_maabara: Asante mzee. Na foili ikichanika katikati naanza upya na kupima upya?

mzee_bika: Ndiyo, foili mpya na kupima upya. Kata mbili kabisa kabla hujaanza.