Kutoa faili la filamu kwa ajili ya kituo cha televisheni: picha, sauti na ukaguzi

Mfano tutakaoufuata ni filamu ya hali halisi ya dakika 52, iliyohaririwa kwa fremu 25 kwa sekunde. Kituo kinataka HD, yaani 1920 kwa 1080, na sauti inayofuata kanuni ya EBU R128. Kabla ya kugusa chochote, omba karatasi ya masharti ya kituo chenyewe. Ikipingana na mwongozo huu, fuata karatasi.

1. Picha

Toa `Apple ProRes 422 HQ` ndani ya `.mov`, au `DNxHR HQX` ikiwa programu yako haitoi ProRes. Usipeleke H.264 kama faili kuu, hata ukiambiwa "itatosha". Kituo kitaibana tena kabla ya kurusha, na kivuli cha usiku kitakatika vipande vipande. Kwa ProRes 422 HQ, dakika 52 ni takriban GB 72, kwa hiyo andaa nafasi mapema.

Kasi ya fremu ya faili iwe ileile ya taimlaini. Kama ulihariri kwa fremu 30 na wanataka 25, kubadilisha wakati wa kutoa faili kutafanya mwendo wa kamera udundedunde.

2. Sauti

Hapa ndipo mafaili mengi hurudishwa. R128 inataka wastani wa ukubwa wa sauti wa filamu nzima uwe LUFS -23, na kilele halisi kisizidi dBTP -1. Filamu iliyochanganywa kwa ajili ya mtandaoni kwa kawaida iko juu zaidi. Mita ya kawaida ya programu ya kuhariri haitakuonyesha hilo, kwa sababu inasoma vilele vya papo hapo, si wastani. Pima faili lililokwisha kutolewa kwa `ffmpeg`, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri:

```
ffmpeg -i filamu.mov -map 0:a:0 -af ebur128=peak=true -f null -
```

Mwishoni soma `I` chini ya `Integrated loudness` na `Peak` chini ya `True peak`. Tuseme umepata -16.2 na -0.3. Kutoka -16.2 hadi -23 ni desibeli 6.8 za kushusha, na kilele kitashuka nacho hadi -7.1. Shusha sauti tu, bila kurenda picha upya:

```
ffmpeg -i filamu.mov -map 0:v -map 0:a -c:v copy -af volume=-6.8dB -c:a pcm_s24le -ar 48000 filamu_R128.mov
```

Wengi hukimbilia kichujio cha `loudnorm`. Mimi sikipendi kwa filamu iliyokwisha kuchanganywa: kisipopewa vipimo vya awali, huongeza na kupunguza sauti njiani, na mnong'ono uliouacha chini makusudi unapandishwa. Kushusha kwa kiasi kimoja huacha uwiano wako kama ulivyo.

Kupandisha ni habari nyingine. Filamu ikiwa -26.5 na kilele -2, ukiongeza 3.5 kilele kinafika +1.5 na faili halipiti. Rudi kwenye mchanganyiko, tafuta kinachopiga kilele (mara nyingi ni mlango, ngoma au kishindo kimoja), kishushe hicho, kisha upandishe vyote.

Kuna mitego miwili kwenye kupima. Wa kwanza: programu ikitoa kushoto na kulia kama nyimbo mbili za mono, `0:a:0` itasoma upande mmoja tu. Mazungumzo yakiwa katikati, utapata takriban 3 chini ya ukweli, utafurahi, na kituo kitakataa. Angalia mstari wa `Stream` unaotaja `Audio`: uandikwe `stereo`. Wa pili: mlio wa kipimo unaowekwa mwanzoni pamoja na mistari ya rangi nao huhesabiwa. Kwenye dakika 52 haubadilishi mengi, lakini kwenye filamu fupi ya dakika tatu unapotosha kabisa. Pima filamu peke yake, kisha ongeza mlio. Kimya hakikudanganyi, kwani kipimo huruka sehemu zilizo chini sana.

Tamasha linalotaka DCP, yaani furushi la mafaili ya kuonyeshea kwenye ukumbi wa sinema, halitumii kipimo hiki. Huko mchanganyiko husikilizwa kwenye ukumbi wenyewe au studio iliyopimwa.

3. Tazama yote

Tazama faili, si taimlaini, mwanzo hadi mwisho, ukivaa vipokea sauti. Tafuta fremu moja nyeusi kati ya mikato, klipu iliyobaki ya ubora wa chini, na manukuu yanayotangulia maneno.

4. Kinachokwenda pamoja na filamu

Faili kuu, nakala isiyo na maandishi kwenye picha, muziki na milio bila mazungumzo, wakiomba, manukuu ya `.srt` yaliyohifadhiwa kwa `UTF-8`, orodha ya muziki yenye mtunzi na muda wa kila kipande, na barua za ruhusa.

Diski iwe `exFAT`, kwa sababu `FAT32` haipokei faili linalozidi GB 4. Majina yasiwe na nafasi wala alama. Toa namba ya `md5` ya faili kuu na uiweke ndani ya `.txt` kando yake, ili fundi wa kituo ajue nakala ilifika nzima. Baki na nakala yako mpaka filamu irushwe, maana marekebisho huombwa siku ya mwisho.