Kabla hujakaa sebuleni kwa watu usiowajua

Wengi wanaoogopa kutembelea nyumba ya watu wasiowajua huanza kujiandaa kwa kutafuta mada. Wanasoma habari za siku ile, wanakariri kichekesho, wanajiwekea maswali kichwani. Mimi naona wanaanzia upande usiofaa. Mara ya kwanza ukiwa mgeni, nusu saa ya mwanzo huulizi sana, unaulizwa. Mwenyeji ndiye mwenye nyumba na ndiye mwenye maswali, na maswali yake karibu unaweza kuyataja kabla hujatoka kwako. Kwa hiyo kitu cha kwanza kuandaa ni majibu.

Tuchukue mfano mmoja twende nao hadi mwisho. Kijana mmoja anafanya kazi kwenye kampuni ya bima. Mwenzake wa ofisini amemwalika chakula cha mchana nyumbani kwa wazazi wake. Wazazi hawajawahi kumwona, na yeye hawajui.

Kabla ya siku yenyewe, kijana anatakiwa kumkalisha mwenzake chini dakika tano amuulize: nani watakuwepo, wanashughulika na nini, na kuna jambo gani nisiliguse? Swali hilo la mwisho watu hulionea aibu, nalo ndilo lenye faida kuliko yote. Mwenzake anamwambia hivi: baba amestaafu, alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Mama bado anafundisha. Mdogo wangu yupo nyumbani, amefeli mtihani wa kuingia chuo, kwa hiyo habari za masomo usimuulize. Na bibi anasikia kwa taabu sikio la kushoto. Maelezo hayo mafupi yameshamwonyesha akae upande gani wa bibi, na yamemwepusha na swali ambalo angelitupa bila nia mbaya: "Na wewe, uko mwaka wa ngapi?"

Asiombe zaidi ya hapo. Ukifika unajua historia ya ukoo mzima, utajikuta unamalizia sentensi za wenyeji, nao watabaki wakijiuliza wamesimuliwa mangapi nyuma ya migongo yao. Unachotaka kujua ni mahali pa kukanyaga tu, mengine waachie wakusimulie wenyewe.

Sasa majibu. Hakuna namna utakwepa maswali matatu: umefikaje au safari ilikuwaje, unafanya kazi gani, na mmefahamianaje na huyu aliyekuleta. Jibu bovu si lile refu wala lile la uongo. Ni lile lisilo na pa kushika. Ukiulizwa kazi ukasema "Niko kwenye bima," umejibu kweli, lakini umemwachia mwenyeji kazi ya kuchimba. Atasema "Aha, vizuri," kisha wote mtatazama meza.

Kijana wetu aseme hivi: "Niko kwenye bima, upande wa madai. Mtu akigonga gari, faili lake linaishia mezani kwangu." Ameongeza sentensi moja tu. Lakini ndani yake kuna gari, kuna ajali, kuna mtu aliyekasirika akidai pesa zake, na mbele yake amekaa mzee aliyeendesha malori maisha yake yote. Mzee hatahitaji kuombwa. "Na hivi mnalipa kweli, au mnazungusha watu?" Mazungumzo yameanza, na kijana hakulazimika kuleta mada yoyote kutoka nje.

Kipimo changu ni hiki: kila jibu liwe na kitu kimoja kinachoonekana kwa macho, na lisizidi sentensi tatu. Ya nne ikianza, unahutubia. Yajaribu majibu yako matatu kwa sauti ukiwa peke yako. Usiyakariri neno kwa neno, maana jibu lililokaririwa linajulikana, linatoka mbio na bila pumzi. Jua tu utataja kitu gani.

La kufahamiana nalo lina mtego wake. Ninyi wawili mna vichekesho vya ofisini, mna majina ya utani ya mabosi, mna kisa cha mashine ya kunakili. Kwa wenyeji hayo yote ni mlango uliofungwa. Mkubaliane mapema kwamba kisa cha ofisini kikitajwa kitasimuliwa chote, pamoja na nani ni nani, au kiachwe. Na mwombe aliyekuleta akutambulishe kwa jambo, si kwa jina peke yake. "Huyu ndiye niliyewaambia anatengeneza baiskeli mwishoni mwa wiki" inampa kila mtu aliyepo pa kuanzia, hata yule mdogo asiyetaka kuongea.

Ukishajibu, zamu yako ya kuuliza itafika, na hapa kuna utafiti wenye manufaa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha uchunguzi wa watu wanaozungumza kwa mara ya kwanza, wakaona kwamba wanaouliza maswali zaidi hupendwa zaidi na wenzao, hasa yale maswali yanayofuata alichokisema mtu. Maana yake ni kwamba orodha ya maswali uliyoandaa nyumbani haina nguvu kama swali moja linalotokana na neno alilolitamka mwenyeji sasa hivi. Mzee akisema "Enzi zangu tulikuwa tunalala njiani," usirukie "Na ulistaafu lini?" Shika lile la kulala njiani: "Gari likiharibika huko porini usiku, mzee, mlikuwa mnafanyaje?"

Lakini uchunguzi huo usikufanye polisi. Maswali matatu mfululizo bila kutoa chochote cha kwako huanza kunuka mahojiano, hasa kwa mtu ambaye bado anajiuliza wewe ni nani. Uliza mara mbili, kisha weka kidogo cha kwako, ndipo uulize tena. Utajua umezidisha pale majibu yanapofupika, mwenyeji anapoacha kukurudishia swali, au macho yake yanapohamia kwenye runinga. Hapo acha kuuliza, simulia kitu kifupi au kaa kimya kidogo.

Kuhusu kimya, watu wanakiogopa kupita kiasi, na kuna sababu. Mwaka 2009 watafiti waliolinganisha lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia walikuta kwamba kati ya swali na jibu hupita kwa wastani kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Tumezoea kupokezana haraka kiasi hicho, ndiyo maana sekunde mbili za kimya sebuleni kwa watu zinaonekana kama dakika nzima. Kwa hiyo kabla hujajaza kimya kwa neno lolote lililo karibu, kumbuka kwamba saa yako ya ndani inakudanganya. Wakati wa kula, wakati mtu anafikiri, wakati kila mmoja anatazama mtoto anayecheza sakafuni, kimya hakidai chochote kwako. Kinachodai ni kile kinachofuata swali uliloulizwa wewe.

Mama akienda jikoni na baba akitoka kupokea simu, utabaki na yule mdogo au na bibi. Jiandae kwa dakika hizo, kwa sababu ndizo zinazowakuta wageni mikono mitupu. Hapo vitu vya chumbani vinasaidia, lakini vina adabu yake. Usiulize bei ya kitu. Usisifie kitu kimoja mara mbili, mwenyeji anaweza kuona amelazimika kukupa. Na picha zilizo ukutani usiziulizie "Huyu ni nani?" Katika picha ya familia kunaweza kuwa na marehemu, au ndoa iliyovunjika, au mtoto asiyeongea na wazazi wake. Uliza mahali: "Hii ilipigwa wapi?" Anayejibu atachagua mwenyewe kama anataka kutaja watu au ataishia kwenye mandhari.

Hata kwa tahadhari zote, siku moja utagusa kidonda. Tuseme bibi anajibu: "Hapo ni siku ya mwisho tulipopiga picha na mume wangu." Makosa mawili huja hapo hapo. La kwanza ni kubadili mada kwa haraka, kana kwamba umeshika moto. La pili ni kuleta msiba wako: "Hata mimi babu yangu…" Sema "Pole, bibi," halafu nyamaza. Mhesabie pumzi mbili tatu. Akitaka kumzungumzia mumewe, ataendelea, na huenda ikawa ndiyo sehemu ya ziara anayoipenda kuliko zote. Asipotaka, yeye mwenyewe atakupeleka kwingine, nawe umfuate bila kugeuka nyuma.

Limebaki la kuondoka, ambalo nashangaa watu hawaliandai kabisa. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa watafiti wa Marekani walioangalia mazungumzo yanaisha lini. Waligundua kwamba ni mara chache sana yanaisha wakati pande zote mbili zinapotaka, kwa sababu kila mmoja anamficha mwenzake hamu yake ya kumaliza au ya kuendelea. Ukiwa mgeni ugumu unaongezeka: mwenyeji hawezi kukuambia uondoke, nawe unaogopa kuonekana una haraka. Basi mkubaliane na aliyekuleta, kabla ya kubisha hodi, mtaaga saa ngapi na nani ataanza.

Kuaga kunahitaji hatua mbili, usizichanganye. Ya kwanza ni kutangaza, kwenye kituo cha mazungumzo, wakati kisa kimoja kimeisha na kingine hakijaanza: "Basi, mzee, mama, naona tuanze kujiandaa." Bado umekaa. Unawapa nafasi ya kumalizia walichokuwa nacho, kutafuta kitu cha kukufungia, kumwita aliye chumbani. Ya pili, dakika tano au kumi baadaye, ni kusimama. Anayesimama bila kutangaza anawashtua watu, na anayetangaza mara nne bila kusimama anawachosha.

"Mbona mapema hivyo?" utaambiwa, na usiibebe kama ilivyo. Ikisemwa mara moja, huku msemaji naye anainuka, ni heshima tu. Ishukuru na uendelee kuinuka. Ikirudiwa na sababu ndani yake, "Ngojeni kaka yenu anafika sasa hivi," wanamaanisha, nanyi amueni kama mnazo dakika hizo. Mlangoni usianzishe jambo jipya. Mzee akianza kisa cha lori lililozama mtoni, mwambie kisa hicho unakidai, atakusimulia siku nyingine.