SOMO: Akiba ya kwanza ya dharura kwa kipato kisichotabirika, na jinsi ya kujua ni ya miezi mingapi

Swali hili nimejibu mara nyingi mno mwaka huu, kwenye simu, kanisani, hata kibandani nikiwa na sindano mdomoni. Leo naliandika lote. Mimi ni fundi cherehani Busia, upande wa Uganda, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Kuna wiki nashona mpaka usiku, na kuna wiki nakaa nikitazama barabara. Kama una mshahara wa kila mwezi, somo hili halikuhusu sana.

Hatua ya 1. Nunua daftari. Andika kila shilingi inayotoka kwa wiki nne.

Hatua ya 2. Chukua matumizi yale ambayo usipolipa, mnalala njaa, mnafukuzwa au kazi inakufa. Hayo tu. Yangu ni haya: kodi ya nyumba 100,000, chakula 240,000 (yaani 8,000 kwa siku), makaa, maji na umeme 60,000, nauli na dawa ndogo ndogo 20,000, na kodi ya kibanda 60,000. Jumla ni shilingi 480,000 kwa mwezi. Kibanda wengi hukisahau, kumbe ukikipoteza wakati wa shida, shida ikiisha huna pa kurudia. Mwenye boda aweke rejesho la pikipiki hapo.

Hatua ya 3. Ada ya shule usiiweke humu. Mihula ni mitatu kila mwaka na tarehe zinajulikana mapema, kwa hiyo hiyo si dharura. Itafutie chombo chake. Kwangu mimi baba wa watoto wangu yuko Jinja na ndiye anayelipa.

Hatua ya 4. Tafuta shimo la msimu wako. Hapa ndipo watu wenye kipato kama chetu wanapopotea, kwa sababu wanachukua wastani wa mwaka na kuona mambo ni mazuri. Wastani haununui posho mwezi wa saba. Rudi nyuma miezi 12, utafute miezi mibaya iliyofuatana. Kwangu ni baada ya muhula wa pili kufunguliwa, watoto wote wakiwa tayari wamevaa. Mwaka jana Juni niliingiza 300,000, Julai 280,000, Agosti 450,000. Ukitoa kutoka 480,000, nilipungukiwa 180,000, kisha 200,000, kisha 30,000. Shimo lote ni 410,000. Septemba likaanza kujifukia.

Hiyo 410,000 si dharura, maana inakuja kila mwaka. Lakini usipoihesabu peke yake, itakula akiba yako ya dharura kila Julai, na utaamini kwamba hujui kuweka pesa.

Hatua ya 5. Amua miezi. Utasikia mtu anasema mitatu, mwingine sita. Mimi nauliza jambo moja: kazi yako ikisimama kabisa leo, itakuchukua muda gani mpaka shilingi ya kwanza ya kutosha chakula irudi? Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona Machi 2020, hazikufunguliwa zote mpaka Januari 10, 2022. Fundi wa sare gani angeweka akiba ya muda wote huo? Hakuna. Akiba haikufuniki mpaka shida iishe; inakununulia siku za kupata kazi nyingine bila kuuza vyombo vyako. Mimi ilinichukua kama miezi miwili kupata wateja wa gomesi na mapazia. Kwa hiyo miezi yangu ni miwili: 960,000. Jumlisha na shimo la msimu, lengo langu ni 1,370,000, na liwe limetimia kabla ya Juni.

Ongeza mwezi mmoja kama kipato chako ndicho pekee nyumbani. Ongeza mwingine kama wateja wako wote wanatoka mahali pamoja, mfano shule moja. Ukishafika minne, simama. Kinachozidi kitie kwenye kazi ya pili, ndiyo itakayopunguza miezi unayohitaji.

Hatua ya 6. Kata siku ile ile pesa inapoingia, kwa fungu na si kwa kiasi. Siku za kawaida natoa moja katika kumi. Januari, Februari na Desemba natoa tatu katika kumi. Miezi ya shimo sitoi kitu, wala sijilaumu.

Hatua ya 7. Pa kuiweka. Someni hii mara mbili.

Mwaka 2021 nilikuwa na 600,000, na zote zilikuwa kwenye sanduku la kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kufuli tatu, watunza funguo watatu, kila kitu kikiandikwa. Kikundi kilikuwa kizuri na hakuna aliyeiba hata mia. Juni 18 nchi ikafungwa kwa siku 42. Mikutano ikazuiwa. Na hata kama tungekutana, sandukuni kulikuwa na karatasi tu, kwa sababu pesa za kikundi hazilali pale: zimekopeshwa kwa wanachama, na mgao ni Desemba. Waliokopa walikuwa wamefungiwa nyumbani kama mimi, wangerudisha na nini? Wiki ya tatu niliuza mashine yangu ya ovaloku kwa 350,000. Niliinunua 700,000. Nakumbuka mnunuzi akiifunga kwa mpira nyuma ya baiskeli, na uzi wa kijani wa sare ya mwisho ukiwa bado kwenye sindano.

Kwa hiyo:

— Pesa ya kikundi ni akiba ya Desemba. Usiihesabu kama ya dharura, hata kikundi kiwe chaminifu namna gani. Mfuko wa jamii wa kikundi utakusaidia kidogo kwenye ugonjwa au msiba, lakini haulipi kodi.

— Chakula cha wiki moja kiwe noti taslimu nyumbani, ndogo ndogo. Wakati wa uchaguzi wa Februari 2016 huduma ya pesa za simu ilizimwa kwa siku kadhaa. Mwenye milioni kwenye simu alikuwa sawa na asiye nacho.

— Gharama ya mwezi mmoja iwe kwenye laini ya pili ya simu, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe, na ambayo hujawahi kukopea. Laini yenye deni la mkopo hukatwa pesa ikiingia. Iwashe mara moja kwa mwezi na uitumie kidogo, maana laini iliyolala muda mrefu hufungwa. Kutoa kuna kodi ya serikali ya asilimia 0.5, mbali na ada ya mtandao, yaani ukitoa 200,000 kodi peke yake ni 1,000. Usiwe unaingiza na kutoa kila siku.

— Inayobaki ipeleke benki au taasisi ya fedha ndogo ndogo yenye leseni ya kupokea amana kutoka Benki Kuu. Hizo zikianguka, Mfuko wa Kulinda Amana hulipa mpaka milioni 10 kwa kila mwenye akaunti. Sako, yaani vyama vya akiba na mikopo, hazimo kwenye kinga hiyo.

Hatua ya 8. Ukitoa, andika tarehe na sababu. Kazi ikirudi, akiba irudishwe kwanza kabla hujanunua kitambaa cha ziada.

Mimi ilinichukua miaka miwili na nusu, kwa sababu kila Juni shimo linachota. Lengo la kwanza lilikuwa 150,000 tu: malaria moja na tengenezo moja la mashine.

---

Dereva wa Malaba: Dada, kwa kifupi niweke shilingi ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 2, ya 4 na ya 5. Sijui kodi yako wala rejesho lako.

Dereva wa Malaba: Nimeuliza tu. Watu wanasema miezi sita.

Mwandishi: Hao watu ndio uwaulize wameipataje sita. Lete namba zako nitakusaidia.

Dereva wa Malaba: Sawa. Matumizi ya lazima 390,000, rejesho la pikipiki 280,000. Msimu mbaya sina sana, mvua tu.

Mwandishi: Asante, sasa tunazungumza. Mwezi wako ni 670,000, na karibu nusu ni pikipiki. Kabla ya kuweka chochote, nenda kwa aliyekukopesha umuulize: nikiugua wiki tatu, unachukua pikipiki baada ya siku ngapi? Jibu hilo ndilo linaloamua. Kama ni siku saba, lengo lako la kwanza ni rejesho la mwezi mmoja, 280,000, kabla ya kitu kingine. Deni likiisha, mwezi wako unashuka mpaka 390,000 na pesa ile ile inakufunika karibu mara mbili. Mwaka 2020 boda hazikuruhusiwa kubeba abiria tangu mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Julai, lakini mizigo iliruhusiwa. Waliokuwa na chakula cha wiki chache walipata muda wa kutafuta wateja wa mizigo.

Mama Muuza Samaki: Shikamoo mwalimu. Swali langu ni la ndugu. Nikiwa na akiba wanajua. Msiba ukitokea kijijini naulizwa mimi kwanza.

Mwandishi: Marahaba mama, na asante kwa swali hili, nililipita. Mchango wa msiba si dharura yako, lakini huwezi kuukwepa na wala sitakwambia ukwepe. Hesabu misiba uliyochangia mwaka jana na ulitoa kiasi gani. Mimi ilikuwa mitano, jumla 110,000. Nagawa kwa 12, karibu 9,000 kila mwezi, nayo ina bahasha yake. Bahasha ikiisha naenda na mikono yangu, napika, nachota maji. Kuhusu kujua: usiseme una kiasi gani. Sema "za mwezi huu zimeisha." Ni kweli, maana bahasha imeisha.

Mama Muuza Samaki: Na mtaji wa samaki, ni akiba?

Mwandishi: Hapana mama. Ukila mtaji umekula kibanda. Lakini andika mtaji wa safari moja ya mwaloni kama sehemu ya lengo lako, kwa sababu samaki wakiharibika mara moja ndiyo dharura yako kubwa kuliko kuugua.

Kijana wa Tororo: Kikundi chetu hakijawahi kushindwa kulipa. Umekiogopa kikundi bure.

Mwandishi: Sijasema kikundi kibaya. Mimi bado ni mwanachama na nimekuwa mtunza ufunguo. Nimesema pesa haiko sandukuni Julai. Mkutano ujao, omba sanduku lifunguliwe mhesabu noti zilizomo, kisha ulinganishe na jumla ya akiba kwenye vitabu.

Kijana wa Tororo: Tumehesabu jana. Akiba 4,200,000. Sandukuni 165,000.

Mwandishi: Basi umejionea. Mwambieni katibu mtenge sehemu isiyokopeshwa. Sisi sasa tunaacha moja katika kumi.

Fundi wa Mbale: Mimi pia nashona. Noti za nyumbani unazihifadhi wapi? Zangu zililowa mvua ilipovuja.

Mwandishi: Mfuko wa nailoni, ndani ya kopo la unga lenye kifuniko cha kubana, juu ya rafu wala si chini ya godoro. Na fundi mwenzangu, ndani ya kopo hilo hilo weka mkanda mmoja wa mashine, boksi ya bobini na sindano za namba 16. Kwangu mkanda ndio hukatika kila Januari, siku ambayo maduka yote yameishiwa.

Fundi wa Mbale: Ovaloku uliirudisha?

Mwandishi: Nilinunua nyingine Februari mwaka jana, ya mkono wa pili, 480,000. Inafanya kelele kidogo lakini inakata vizuri.