Unatafuta duka la mtu ndani ya soko kubwa? Uliza haya kabla hujatoka nyumbani

Anza na jina la soko. Hapa Dodoma mtu akikwambia "njoo soko kuu" bado hajakwambia kitu. Wapo wanaomaanisha Majengo, pale mjini, na wapo wanaomaanisha soko la Job Ndugai kule Nzuguni, jirani na stendi kuu ya mabasi. Ukikosea hapo utapanda daladala ya pili huku mfuko unalia. Mtajie jina, akubali, ndipo mwendelee.

Hakikisha simu ina chaji na salio. Hilo halihitaji maelezo.

Sasa uliza geti. Watu wengi huruka hapa, wanakimbilia kuuliza "upande gani, kulia au kushoto?" Kulia kwa nani? Soko lenye mageti matatu lina kulia tatu. Mwenye duka huelekeza kwa kufuata geti analoingilia yeye asubuhi, nalo mara nyingi ni la nyuma, karibu na anapopaki bodaboda au anaposhushia mzigo. Wewe daladala inakushusha mbele. Ukifuata maneno yake neno kwa neno utajikuta kwenye samaki wakati unatafuta mchele. Kwa hiyo mwulize geti hilo linatazama nini huko nje: barabara ya lami, maegesho ya bajaji, au ukuta wa shule? Kisha kulia na kushoto vihesabiwe geti likiwa mgongoni mwako.

Baada ya geti, kitengo. Masoko yetu yamepangwa kwa bidhaa: nafaka, viungo, mbogamboga, dagaa na samaki, kuku, bucha, mitumba, vyombo. Jina la kitengo ndilo linalokuvusha sehemu kubwa ya soko, kwa sababu kila mtu ndani analijua, hadi mtoto anayeuza mifuko. Uliza "nafaka ni wapi?" utaonyeshwa kwa kidole. Uliza "kwa Mangi ni wapi?" utaulizwa Mangi yupi, maana kila mwenye duka ni Mangi, na kila mama ana mtoto anayeitwa Junior. Ila jua mwisho wa kazi ya kitengo. Ukishafika kwenye nafaka, kusema "yule anayeuza karanga" hakukusaidii tena. Safu nzima inauza karanga.

Hapo ndipo alama inapohitajika, na hapo ndipo watu wanapoumia. Chukua shemeji aliyetumwa kutoka Kondoa kufuata gunia la karanga lililokwisha kulipiwa. Ameambiwa hivi: "Ukiingia nafaka, utaona mama wa chapati, halafu duka jekundu, ndilo hilo." Amefika saa nane mchana. Mama wa chapati huuza asubuhi. Saa nne unga umekwisha, amebeba jiko lake ameondoka, na pale alipokuwa pamekaa kijana wa ndimu na meza yake. Maduka mekundu yako manne, kwa sababu rangi ile ni ya kampuni ya simu, inapakwa kwa kila wakala anayekubali. Jina la duka limeandikwa vizuri kabisa kwenye mlango wa chuma, lakini mlango ukifunguliwa hugeukia ukutani, kwa hiyo jina husomeka duka likiwa limefungwa tu. Anapiga simu. Ndani ya bati, karibu na mashine ya kusaga, hasikii wala hasikiki. Anatokea kijana mchangamfu: "Shemeji, unatafuta nani? Kwa Mangi wa karanga? Twende, mimi ndiye nipo naye." Anapelekwa kwenye duka jingine, anaonyeshwa karanga nyingine, na mwenye duka huyo anaapa kwamba yule mwenzake amehama.

Hakuna aliyemdanganya shemeji kwenye maelekezo. Kila neno lilikuwa kweli saa mbili asubuhi.

Kwa hiyo ipime kila alama kwa maswali mawili: inahama? Na itakuwepo saa nitakayofika? Meza, mwavuli, mkokoteni na mama lishe vyote vinahama. Mabango ya simu hubadilishwa. Tangu Tigo iwe Yas mwaka 2024, anayekwambia "pale penye bango la Tigo" anakuelekeza kwa kumbukumbu yake. Visivyohama ni choo, bomba la maji, ngazi, ofisi ya soko, bucha lenye vigae, mashine ya kusaga. Mashine ina faida ya ziada kwamba unaisikia kabla hujaiona, kama ambavyo upande wa dagaa pua inakupeleka yenyewe.

Alama moja haitoshi. Omba mbili, moja unayoikuta kabla ya duka na moja inayokwambia umelipita. Hii ya pili hakuna anayeitoa bila kuulizwa. Maelekezo ya shemeji yangepaswa kusikika hivi: "Ingia geti la upande wa bajaji. Nyoosha mpaka kwenye mashine ya kusaga, ingia njia ya kushoto. Hesabu vizimba upande wako wa kulia, mimi ni wa tano. Ukifika kwenye bomba umenipita. Jirani yangu mmoja anauza mizani, mwingine ni fundi cherehani." Sentensi tano, na zinaingia kwenye ujumbe mmoja. Mwambie auandike, asiseme tu, ili uweze kumwonyesha mtu.

Majirani hao wawili wana kazi nyingine. Kijana mchangamfu akija, mwulize: "Anapakana na nani?" Anayemjua kweli atasema bila kufikiri. Dalali ataanza kukuvuta mkono.

Namba ya kizimba iombe, lakini usiitegemee peke yake. Mlango mmoja unaweza kuwa na namba iliyopakwa rangi zamani, nyingine iliyopakwa baada ya ukarabati, na nyingine ya chaki aliyoandika mkusanya ushuru. Zile tarakimu 11 kwenye mita ya LUKU hazihusiki kabisa. Mwulize namba yake ipo wapi, juu ya mlango au kwenye nguzo, na ni ya rangi gani.

Ramani ya simu itumie kufika getini, basi. Chini ya paa la bati simu inaweza kukosea kwa mita kumi au ishirini, na vizimba vingine havifiki mita tatu kwa upana. Kidoti kinaweza kukaa juu ya bucha huku wewe umesimama kwenye mitumba.

Ukipotea, usizunguke. Rudi kwenye alama ya mwisho uliyokuwa na uhakika nayo, uanze kuhesabu tena, au muulize mwenye kizimba aliyekaa na mali yake badala ya anayetembeatembea. Ikishindikana nenda ofisi ya soko, mtaje mtu kwa jina alilojiandikisha nalo, siyo la utani. Kwa hiyo hilo jina nalo uwe umeliomba. Usilipe pesa ya ziada kwa mtu anayesema ametumwa kukupokea mpaka mwenye duka athibitishe kwa namba ile ile uliyokuwa unawasiliana nayo. Fika mapema, maana jioni taa ni chache na milango ikianza kufungwa njia zote hufanana. Na kuli akishabeba gunia, mtajie geti la kutokea kabla hajapiga hatua ya kwanza, kisha utembee nyuma yake, siyo mbele.